Mistari ya mzizi wa jino: je, inaweza kutambua kaburi la babu?

*"Mtaalamu, barabara inapanuliwa huku kwetu Muheza na makaburi ya ukoo yanahamishwa mwezi ujao. Mawili hayana alama. Moja ni la babu mzaa baba, aliyefariki 1975 akikadiriwa kuwa na miaka 70. Jingine ni la mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, aliyefariki 1952 akiwa na kama miaka 35. Hakuna anayekumbuka lipi la nani, na shangazi, mtoto pekee wa babu aliyebaki hai, anataka majina yaandikwe sawasawa. Kijana mmoja anayesoma chuo katuambia mzizi wa jino ukikatwa una miduara kama mti, unahesabu unapata umri. Ni kweli? Jino moja linatosha? Na sisi huku tuna mvua mbili kwa mwaka, si itatoka miduara miwili?"*

Ndugu yangu, kijana wenu amesema kweli, ila ameruka mambo ambayo ndiyo yatakayoamua kama hesabu hiyo itawafaa au itawapoteza. Naanza na ombi: msikate jino lolote kwanza. Jino likishakatwa halirudi, na zipo njia za kuuliza swali hilihili kabla ya kufika kwenye msumeno. Nitazieleza, lakini kwanza tuuelewe mzizi wenyewe.

Ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka ni enameli. Hiyo humalizika kujengwa utotoni, na baada ya hapo inachofanya ni kulika tu. Ndani yake kuna dentini. Sementi ya jino ni kitu kingine: iko chini ya ufizi, imeuvika mzizi mzima kama utando mwembamba wa rangi ya manjano hafifu. Kazi yake ni kushikilia. Nyuzi zinazotoka kwenye mfupa wa taya huingia ndani ya sementi na kukazwa humo, ndiyo maana jino halichomoki ukitafuna muwa. Karibu na shingo ya jino unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kwenye ncha ya mzizi hunenepa zaidi.

Thamani yake kwa watu wa kazi yetu ni kwamba haifanyiwi ukarabati kama mfupa. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, kwa hiyo mfupa wa mzee wa miaka 70 si ule aliokuwa nao akiwa na 20. Sementi huongezwa tu. Tabaka jipya huwekwa juu ya la zamani, kuanzia mzizi unapoumbika hadi mtu anapofariki, na lililokwisha kuwekwa kwa kawaida hubaki pale pale.

Matabaka hayo hayafanani. Ukikata kipande chembamba cha mzizi na kupitisha mwanga ndani yake, chini ya hadubini unaona mstari mweusi mwembamba, kisha mweupe ulio mpana kidogo, kisha mweusi tena, yote ikiufuata ukingo wa mzizi. Mweusi mmoja pamoja na mweupe wake huhesabiwa kuwa mwaka mmoja. Jozi hiyo ina upana wa mikroni chache tu, yaani sehemu chache kati ya elfu moja za milimita. Kinacholeta tofauti ya rangi kimejadiliwa sana. Katika miaka ya 1990 mtafiti Daniel Lieberman alifanya majaribio kwa mbuzi, akabadilisha ubora wa lishe yao na ugumu wa chakula walichotafuna, akaona mabadiliko yakijiandika kwenye sementi: lishe ilibadili kiasi cha madini kilichoingia, na nguvu ya kutafuna ilibadili mwelekeo wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Pale ukuaji unapopungua kasi, madini hupata muda wa kujaa, na sehemu hiyo hutokea kama mstari wake wa pekee.

Kwa hiyo mistari haijui kalenda. Inajua mwili unavyopita katika majira, na kama majira hurudi mara moja kwa mwaka, mstari nao hurudi mara moja. Mfano wa mti unafaa mpaka hapo, na unafaa zaidi ya kijana wenu alivyokusudia, kwa sababu miti mingi ya nchi zetu za joto haina miduara iliyo wazi ya kila mwaka kama miti ya nchi zenye baridi kali na theluji. Swali lako la mvua mbili linaingia hapo hapo. Nitalirudia baada ya kueleza kazi inavyofanyika.

Tunachagua jino lenye mzizi mmoja: la mbele, chonge, au gego dogo lililo nyuma ya chonge. Magego makubwa yana mizizi inayoachana, na sementi yake ni nene na imevurugika. Jino huzamishwa kwenye resini inayoganda, kisha msumeno wenye ukingo wa almasi hukata vipande kwa kukingama mzizi, kila kimoja kikiwa na unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita au pungufu. Vipande hutolewa katikati ya mzizi. Hilo ni sharti. Sementi ya sehemu ya juu na ya kati haina seli na hukua polepole kwa utaratibu. Ile ya nchani ina seli, hukua kwa vishindo kufuatana na jino linavyosukumwa, na mistari yake haihesabiki. Baada ya hapo tunapiga picha nyingi kwa hadubini, tunahesabu katika sehemu mbalimbali za kila kipande, na anayehesabu hapaswi kujua jino ni la nani wala umri unaotarajiwa.

Hesabu ikishapatikana, unaongeza umri ambao jino lile huota. Gego dogo la kwanza la taya ya chini huota kwenye umri wa miaka 10 au 11 hivi, na tafiti zilizofanywa Kenya zilionyesha kuwa meno ya kudumu ya watoto wa Kiafrika huwahi kidogo kuliko ya watoto wa Ulaya. Kwa hiyo mistari 30 kwenye gego hilo, ukiongeza 10, ni mtu wa miaka 40 hivi. Sisemi 40 kamili. Kila hatua ina mashaka yake madogo, nayo hujumlishwa.

Je, njia hii imepimwa? Imepimwa. Kwa binadamu ilianza kuzungumzwa kwa uzito mwaka 1982 katika utafiti wa Stott na wenzake. Mwaka 2004 Ursula Wittwer-Backofen na wenzake wa Ujerumani walitoa matokeo ya meno 363 ya watu ambao umri wao ulijulikana, na makosa yao hayakuzidi miaka miwili au mitatu. Matokeo hayo ni mazuri kupita njia karibu zote za mifupa, na ndiyo watu wanayoyanukuu wanaposema "umri kamili". Lakini mwaka 2006 Renz na Radlanski waliangalia vipande vya jino moja kwa makini na kukuta kwamba idadi ya mistari hubadilika kutoka sehemu moja ya mzizi hadi nyingine. Mtu yeyote aliyekaa kwenye hadubini analijua hilo. Ukizungusha kidogo kitufe cha kulenga, mstari uliokuwa mmoja unagawanyika ukawa miwili, na miwili mingine inaungana. Unene wa kipande unakuonyesha kina chote kwa pamoja, na jicho ndilo linaloamua lipi ni mwaka na lipi ni kivuli.

Sasa tuje kwenye masika na vuli. Wasiwasi wako una msingi, na walioukabili mapema ni watu wa wanyamapori, hapahapa Afrika Mashariki. Wao walikuwa wakikadiria umri wa wanyama kwa mistari ya sementi kabla njia haijatumika kwa binadamu. Clive Spinage, aliyefanya kazi na kuro wa Uganda, alichapisha mwaka 1973 katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki mapitio marefu ya kukadiria umri kwa meno, akiangalia Afrika hasa. Katika baadhi ya wanyama wa karibu na ikweta, ambako mvua hunyesha kwa vipindi viwili, jozi mbili za mistari kwa mwaka ni jambo linalotarajiwa, kwa kuwa malisho hustawi na kukauka mara mbili.

Binadamu ana ghala. Mahindi na mihogo huvuka kiangazi, samaki na nazi hupatikana mwaka mzima, kwa hiyo majira hayampigi kama yanavyompiga kuro. Hata hivyo mtu aliyelima Muheza kati ya 1910 na 1970 aliishi na msimu wa njaa na msimu wa shibe, na kazi ngumu iliyofuata mvua zote mbili. Jambo la kushika ni kwamba meno yaliyojenga sifa ya njia hii mwaka 2004 yalitoka kwa watu wa nchi yenye baridi kali moja kwa mwaka. Kuchukua kanuni ya "mstari mmoja mwaka mmoja" kutoka kule na kuibandika Tanga bila kuipima ni kosa. Maabara itakayowapa umri bila kuwaambia imethibitishaje kanuni hiyo kwa meno ya watu wa ukanda wetu, muiulize hilo kabla ya kulipa.

Lakini tazama swali lenu linavyotofautiana na la polisi aliyeokota mwili usiojulikana. Yeye anahitaji umri. Nyinyi mnahitaji kujua yupi kati ya wawili aliishi muda mrefu zaidi. Wote walikulia mahali pamoja, wakala vyakula vilevile, wakapita mvua zilezile. Ikiwa mwaka uliandika jozi moja kwa kaka, uliandika jozi moja kwa mdogo. Ikiwa uliandika mbili, uliandika mbili kwa wote. Mwenye mistari mingi zaidi ndiye mkubwa, na kwa hilo huhitaji kujua mstari mmoja ni sawa na miezi mingapi. Mpangilio wa nani zaidi na nani pungufu ni imara kuliko umri wenyewe, na kwa bahati ndio mnaoutafuta.

Tuufanyie mfano wa kubuni ili uone unavyokwenda. Tuseme limepatikana gego dogo la kwanza la taya ya chini kutoka kila kaburi. Kaburi la kwanza mhesabuji anapata 46, 49, 48, 47 na 50 katika sehemu tano tofauti, wastani 48. La pili anapata 22, 24, 23, 23 na 25, wastani kama 23. Wa kwanza amezidi kwa zaidi ya mara mbili, na tofauti ya hesabu ndani ya jino moja ni mistari mitatu au minne tu. Mpangilio hauna ubishi.

Sasa ujaribu umri. Kwa kanuni ya mstari mmoja kwa mwaka, wa kwanza ni 48 jumlisha 10, yaani 58, na wa pili ni 33. Kwa kanuni ya miwili kwa mwaka, wa kwanza ni 24 jumlisha 10, yaani 34, na wa pili ni kama 22. Angalia hatari iliyopo. Ungekuwa na kaburi la kwanza peke yake, mistari 48 ingeweza kusomwa kuwa ni babu aliyehesabiwa pungufu, au ni mdogo wake aliyehesabiwa mara mbili. Jino moja lingewadanganya kwa ujasiri mkubwa. Mkiwa na makaburi mawili, njia ya pili inadai kuwa mmoja wao alifariki akiwa na miaka 22, na ukoo unajua kwamba hakuna kati yao aliyefariki mdogo kiasi hicho. Njia ya kwanza inampa mdogo 33 dhidi ya 35 mnayoitaja, jambo ambalo ni zuri, na inampa babu 58 dhidi ya 70.

Upungufu huo wa miaka 12 kwa babu usiwashtue. Ndiyo tabia ya njia hii kwa wazee. Mistari ya mwisho huwekwa myembamba sana na kubanana, na tafiti nyingi zimeona hesabu ikibaki nyuma ya umri halisi kadiri mtu anavyozeeka. Ugonjwa wa fizi huzidisha tatizo: ufizi ukishuka na nyuzi zikikatika, sementi ya sehemu iliyo wazi huacha kukua, na saa yake husimama pale pale ingawa mwenyewe anaendelea kuishi. Mkiona kwenye mzizi ugaga mgumu wa rangi ya kahawia umeshuka mbali chini ya shingo ya jino, hiyo ni alama kwamba ufizi ulishuka zamani, na jino hilo lisitegemewe kwa kuhesabu. Babu akiwa alikuwa mtu wa tambuu au tumbaku, au mlimjua meno yakimlegea, mwambieni mtaalamu.

Kuna jaribio jingine la ndani ambalo mimi hulipenda pale panapokuwa na meno ya kutosha. Jino la mbele la taya ya chini huota kwenye umri wa miaka 6 au 7, na gego dogo la pili huota kwenye 11 hivi. Katika kinywa cha mtu mmoja, jino la mbele lilipata miaka minne au mitano zaidi ya kujiandika. Likimzidi gego kwa mistari minne au mitano, mwaka uliandika mara moja. Likimzidi kwa nane, tisa au kumi, uliandika mara mbili. Tofauti hii ni ndogo na makosa ya kuhesabu yanaweza kuimeza, kwa hiyo haifai kwa kipande kimoja kimoja. Inahitaji vipande vingi kutoka kila jino na wahesabuji wawili. Ila ikitokea wazi, inajibu swali la masika na vuli kutoka kwenye mwili wa marehemu mwenyewe.

Ndiyo maana jibu la "jino moja linatosha?" ni hapana. Ningependa angalau mawili kutoka kila kaburi, ya aina moja pande zote, ili gego lilinganishwe na gego na chonge na chonge.

Sasa nirudi kwenye ombi la mwanzo. Kwa tofauti ya miaka 35 na 70, mtu anayejua mifupa huenda akawajibu bila kukata chochote. Kingo za mifupa ya mgongo za mzee huota miiba. Uso wa mfupa wa kinena pale pande mbili zinapokutana huwa na matuta kwa kijana, na kwa mzee husawazika kisha kuchakaa. Taya nalo lina habari. Kama babu alipoteza magego kadhaa miaka mingi kabla ya kufariki, mashimo yake yatakuwa yamejaa mfupa na kuwa laini, tofauti na shimo la jino lililodondoka kaburini ambalo hubaki na kingo kali. Hata mzizi wenyewe unaweza kuulizwa ukiwa mzima: kwa mzee, vijitundu vya dentini hujaa madini kuanzia nchani kupanda juu, na ukiuelekeza mzizi kwenye taa sehemu hiyo huangaza kama kioo cha chupa. Udongo ukiwa umelichakaza jino mpaka likawa kama chaki, dalili hii hupotea. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotoa umri kwa miaka miwili au mitatu. Ila hamhitaji miaka miwili au mitatu.

Mtu atawaambia mpime vinasaba. Hapo muwe waangalifu, maana ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana mstari uleule wa kiume na mstari uleule wa upande wa mama. Vipimo vinavyofuata mistari hiyo haviwezi kabisa kuwatenganisha. Na mjukuu akilinganishwa na babu na babu mdogo kwa vinasaba vya mwili mzima, tofauti ipo lakini ni finyu, na mifupa ya miaka 50 au 70 ardhini mara nyingi hutoa vipande vilivyochakaa. Mtu wa thamani kubwa katika jambo hili ni shangazi yenu. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba kutoka kwa baba yake mzazi, kwa hiyo katika kila alama inayopimwa lazima wawe na kitu wanachoshiriki. Kwa baba mdogo si lazima. Ikiwa jino au mfupa mgumu wa paja bado una vinasaba vinavyosomeka, sampuli ya mate ya shangazi inaweza kumaliza mjadala. Kama atakubali, ichukuliwe mapema. Ana umri, na nafasi hiyo haina mbadala.

Njia nyingine inatokana na miaka ya vifo, haihusiani na umri hata kidogo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni ya mnururisho, kaboni 14, katika hewa ya dunia nzima. Iliingia kwenye mimea, kisha kwa watu. Aliyefariki 1952 hakuipata. Aliyeishi mpaka 1975 aliila kwa miaka kadhaa, na mifupa yake, kwa kuwa hujengwa upya, iliipokea, hasa ile yenye vitundu kama ya mgongo. Kipimo hiki kinahitaji mfupa uliobaki na kolajeni, na gharama zake si ndogo kwa familia. Lakini kwa tarehe zenu hizi mbili kinakata kwa usafi kuliko mistari ya jino, na naona ni haki mkijue.

Nikiulizwa mpangilio, ningeanza na mtu wa mifupa kuangalia kwa macho siku ya kuhamisha. Asipoona tofauti, au mifupa ikiwa imeoza vibaya, ndipo shangazi na vinasaba. Kukata mizizi ya meno ningeweka baada ya hapo. Enameli hudumu, na jino mara nyingi hubaki pale mfupa umeshakwisha, kwa hiyo inawezekana kabisa meno yakawa ndiyo kitu pekee mtakachokipata. Hapo mistari ya sementi inapanda kuwa ya kwanza.

Itategemea pia udongo. Sementi ndiyo ngozi ya nje ya mzizi, kwa hiyo ndiyo inayoshambuliwa kwanza. Vimelea vya udongoni huitoboa vijia, asidi huila, na mizizi ya mimea huchora mifereji juu yake. Kukiwa na mkorosho au mnazi jirani na kaburi, tarajieni hilo. Mtaalamu huona uharibifu huu mara moja kwenye hadubini: badala ya mistari kuna madoa meusi yaliyotawanyika, au ukingo wa nje umelika na miaka ya mwisho ya marehemu imekwenda nao. Kipande cha namna hiyo hutupwa. Hakikisiwi.

Siku yenyewe, uhamishaji usimamiwe na halmashauri kama taratibu zinavyotaka, viongozi wenu wa dini wawepo, na ukoo uwe umekubaliana kabla kama jino linaweza kutolewa au la. Mkikuta mwili wa mtu wa tatu msiyemtarajia, au fuvu lenye jeraha ambalo historia ya ukoo hailielezi, simamisheni kazi na muite polisi. Hilo si jambo la familia tena. Kwa ushauri wa ana kwa ana, jaribuni idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vinasaba nchini ni kazi ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia utaratibu wao rasmi, kwa hiyo waulizeni sasa, kabla ya mwezi kwisha.

Fundi atakayefukua avae glavu na barakoa, kwa ajili ya vinasaba zaidi ya kitu kingine. Kila kaburi liwe na watu wake na vyombo vyake, mabaki yasichanganyike hata kwa dakika moja. Meno yaliyo tayani yaachwe tayani. Yaliyodondoka yaokotwe kwa kuchekecha udongo wa sehemu ya kichwa, na yasipigwe mswaki, yasichemshwe, yasitiwe dawa ya kung'arishia wala gundi. Mtu mwenye nia njema akiukwangua mzizi ili uwe safi, anaondoa utando ule ambao ndio wenye mistari. Yakaushwe kivulini taratibu, maana jua kali hupasua sementi ikabanduka kama rangi kuukuu ya ukuta, kisha yatiwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni huleta ukungu. Juu ya bahasha andikeni kwa penseli kaburi lilipokuwa, lilitazama wapi na lipi lilikuwa jirani yake, lakini msiandike jina la mtu, ili atakayehesabu asijue mnatarajia nini.